Bahasha ya mchorongaji: vivuli vya silika vilivyosomwa kuwa kifua kikuu

Alikuja na bahasha ya kaki iliyochakaa kingo, ndani yake picha tatu za kifua na barua ya rufaa yenye sentensi mbili. Barua ilisema mgonjwa amemaliza dawa za kifua kikuu kwa miezi 6, picha yake haijabadilika hata kidogo, na kwa hiyo anashukiwa kuwa na kifua kikuu sugu kisichosikia dawa. Waliomtuma walitaka ushauri kabla ya kumwanzishia dawa kali zaidi.

Nilimtazama yeye kwanza, kabla ya picha. Mwanamume wa miaka 44, mwili wake umejaa, ametembea mwenyewe kutoka getini hadi chumbani kwangu, anaongea sentensi nzima bila kukatishwa na pumzi. Alikuwa na kikohozi kikavu cha karibu miaka 2 na alihema akipanda mlima. Homa hana, jasho la usiku hana, uzito haujashuka. Makohozi yake yalipimwa mara 3 kabla ya dawa na hayakuonyesha vimelea hata mara moja. Dawa alianzishiwa kwa sababu ya picha peke yake: mapafu yote mawili yamejaa vitone vidogo, na aliyeisoma aliandika kwamba ni kifua kikuu kilichosambaa mapafu mazima kama punje za mtama.

Kabla hujasoma zaidi, shika jambo hilo moja. Kifua kikuu cha namna ile ni ugonjwa wa mtu aliyelala. Vimelea vimeingia kwenye damu na kumwagwa mwili mzima, na mgonjwa hukonda na kuungua kwa homa ndani ya wiki chache. Mtu mwenye picha mbaya kiasi kile anayekaa kitini akizungumza vizuri anatuambia kwamba vitone vyake vimekuwepo kwa miaka, na kwamba mwili umevizoea polepole.

Nikamuuliza kazi. Kwenye karatasi zote alizokuja nazo palikuwa pameandikwa "mchimbaji", basi. Neno hilo halitoshi. Wapo wachimbaji wanaofanya kazi juu ya ardhi kwenye udongo wenye maji, na wapo wanaoshinda mbele ya mwamba mkavu. Huyu alikuwa chini ya ardhi kwa miaka 16: 3 ya mwanzo akibeba mawe, na 13 iliyofuata akichoronga mwamba mgumu wenye silika nyingi, madini yanayopatikana kwenye mawe na mchanga. Mashine ilikuwa na mpira wa kuleta maji kwenye ncha, lakini maji yalikuwa yanakatika.

"Maji yakikatika mnafanyaje, kaka?"

"Tunachoronga hivyo hivyo, daktari. Unafunga kitambaa usoni. Ukitoka, mate yako ni meupe."

Kitambaa huzuia vumbi linaloonekana. Vumbi linaloharibu mapafu halionekani: ni chembe za silika zenye upana wa chini ya mikroni 5 hivi, nyepesi kiasi cha kuelea muda mrefu baada ya mashine kuzimwa, na ndogo kiasi cha kupita nyuzi za kitambaa na kufika kwenye vifuko vya hewa vya mwisho kabisa. Huko seli walinzi huzimeza kama zinavyomeza uchafu mwingine. Silika huziua seli zile, hutoka, humezwa na nyingine, nazo hufa. Mahali pa vita hivyo hujengeka kovu dogo la duara, tabaka juu ya tabaka kama kitunguu. Makovu hayo ndiyo vivuli vidogo vya mviringo tunavyoviona kwenye picha. Na kwa sababu seli zinazoharibiwa ni zile zile zinazopaswa kuzuia vimelea vya kifua kikuu, mchimbaji wa namna hii ana hatari kubwa kuliko watu wengine ya kukipata kweli. Nitarudi hapo, maana kisa hiki kina sehemu ya pili.

Kwanza, picha yenyewe

Picha ya karibuni kwenye bahasha ilipigwa mwishoni mwa dawa. Niliiweka kwenye mwanga na sikuisoma. Alikuwa amevuta pumzi kidogo tu, kiwambo, ule msuli unaotenganisha kifua na tumbo, kimepanda juu, na mishipa ya damu ya sehemu za chini ikabanana hata ikafanana na vitone. Juu ya hayo mionzi ilikuwa haba, na picha ikawa nyeupe kupita kiasi. Picha nyeupe huzidisha vivuli. Kila tawi la mshipa linaloelekea machoni mwako linakuwa kitone. Picha nyeusi hufanya kinyume chake na kuvifuta vivuli vilivyopo. Wasomaji wengi waliozoea kutafuta nimonia au maji kifuani hawasumbuliwi sana na hitilafu hizi, kwa sababu nimonia itaonekana tu. Kwenye vivuli vya milimita 2 hitilafu hiyo hiyo inaweza kumpandisha mtu au kumshusha daraja zima.

Mpangilio wa Shirika la Kazi Duniani, ILO, ambao ndio tunaotumia kusomea picha za wafanyakazi wa vumbi, unaanza na swali hilo hilo. Ubora wa picha huandikwa kwa namba 1 hadi 4: 1 ni nzuri, 2 ina kasoro isiyozuia usomaji, 3 ina kasoro lakini bado inasomeka, 4 haifai kusomwa. Ile niliipa 4. Tukampiga nyingine siku hiyo hiyo, amesimama, kifua kimegusana na kipokea picha, mabega yamesukumwa mbele, pumzi imevutwa hadi mwisho na kushikwa. Mpigaji alimfanyisha mazoezi ya pumzi mara 2 kabla ya kubonyeza. Picha hii mpya nikaipa 2, kwa kuwa mfupa wa bega la kushoto uliingia kidogo juu ya pafu.

Kulinganisha, si kuhesabu

Hatua hii inahitaji kuelezwa polepole, kwa sababu ndipo ripoti nyingi hupotoka. Mtu huona vitone, akaandika "vitone vingi pande zote". Vingi kiasi gani? Mwingine akiisoma kesho ataandika "vichache". Hakuna anayeweza kusema baadaye kama vimeongezeka.

Mpangilio wa ILO hautaki uhesabu vitone. Unataka ukae na picha za kulinganishia, ambazo ILO yenyewe huzitoa, uweke picha ya mgonjwa kando ya mojawapo, kwa ukubwa ule ule na mwanga ule ule, na uulize: hii ya mgonjwa ni sawa, imezidi, au imepungua? Maelezo ya maandishi yapo, lakini yakitofautiana na picha hizo, picha ndizo zinazofuatwa. Ndiyo maana msomaji anayejiamini kwa kumbukumbu huniogopesha. Kumbukumbu huhama. Ukisoma picha 40 za wagonjwa wa hali mbaya, ya 41 yenye vivuli vya wastani utaiona safi.

Kwanza nilitafuta umbo na ukubwa. Vivuli vya mviringo huandikwa kwa herufi tatu: p ni vile visivyozidi milimita 1.5 kwa upana, q ni kati ya milimita 1.5 na 3, r ni zaidi ya 3 hadi 10. Vivuli visivyo na umbo la duara, vinavyofanana na nyuzi au wavu, vina herufi s, t na u, na mara nyingi huonekana zaidi sehemu za chini za mapafu kwa watu waliofanya kazi na asbesto. Vumbi la makaa ya mawe huacha vivuli vya duara pia, mara nyingi vidogo vya aina ya p. Herufi hizi zinaeleza umbo tu. Hazitaji ugonjwa, ugonjwa unatajwa na picha pamoja na historia ya kazi.

Huandikwa herufi mbili, ya kwanza ikiwa ile iliyotawala na ya pili ikiwa nyingine iliyopo kwa wingi wa kuonekana. Kama karibu vyote ni vya aina moja, herufi hurudiwa. Kwa mgonjwa wetu vivuli vilikuwa na kingo zilizochorwa vizuri, vya milimita 2 hadi 3. Niliandika q/q.

Halafu mahali. Kila pafu hugawanywa kanda 3 kwa mistari miwili ya mlalo, kutoka ncha ya pafu hadi kuba la kiwambo: ya juu, ya kati, ya chini. Kanda za juu na za kati, kulia na kushoto, zilijaa. Za chini zilikuwa karibu safi. Hapa ndipo wazo la kifua kikuu cha punje za mtama lilipoanza kuvunjika kwa upande wa picha, kwa kuwa kile husambaa karibu sawasawa toka juu hadi chini. Silika hupendelea juu, ambako mapafu hujisafisha kwa shida zaidi.

Ndipo nikafika kwenye wingi. Kuna madaraja 4, kuanzia 0 hadi 3, na kila daraja limekatwa ngazi 3, jumla ngazi 12:

```
0/-  0/0  0/1
1/0  1/1  1/2
2/1  2/2  2/3
3/2  3/3  3/+
```

Namba ya kwanza ni uamuzi wako. Ya pili ni daraja jingine ulilolifikiria kwa dhati kabla ya kuamua. Kwa hiyo 2/1 maana yake: nimeamua ni daraja la 2, lakini nilijiuliza kweli kama si la 1. Ikiandikwa 2/2, hukuwa na shaka. Naupenda utaratibu huu kwa sababu unailazimisha shaka ya msomaji iandikwe mahali pake, badala ya kufichwa ndani ya maneno kama "huenda" na "inaelekea".

Niliweka picha yake kando ya picha ya kulinganishia ya q ya ngazi 1/1. Ya kwake ilizidi waziwazi. Kwenye 1/1 matawi ya mishipa yanafuatika vizuri, kwake yalikuwa yanapotea katikati ya vitone. Nikaweka ya 2/2. Ukanda wa juu kulia ulilingana nayo karibu kabisa. Ukanda wa kati kushoto ulipungua kidogo. Kanda za chini hazikufika hata 1/0.

Je, unachukua wastani wa kanda zote 6? Hapana. Wingi wa jumla hutokana na kanda zilizoathirika zikitazamwa pamoja, na kanda zinapotofautiana kwa ngazi 3 au zaidi, zile zenye vivuli vichache huachwa. Za chini zilikuwa 0/1 na za juu 2/2, tofauti ya ngazi 5, kwa hiyo za chini zilitoka kwenye hesabu. Ningezihesabu, ningemshusha mgonjwa hadi daraja la 1 na kuificha hali yake halisi. Kosa hili nimeliona mara nyingi, na hufanywa na watu makini kabisa, kwa sababu wastani unaonekana kuwa haki. Niliamua 2/1.

Kulikuwa na mambo mawili zaidi. Katika ukanda wa juu kulia vitone kadhaa vilikuwa vimeanza kuungana, na rundo hilo lilipimika milimita 8. Kivuli huitwa kikubwa kinapozidi milimita 10. Hapo hupewa herufi A, kisha B kinapovuka milimita 50 kwa mrefu wake, na C eneo lake likizidi lile la ukanda wa juu kulia. Milimita 8 haijafika, lakini kuungana kwenyewe ni habari, na kuna alama yake: ax. Jambo la pili lilikuwa kwenye mizizi ya mapafu, pande zote mbili: tezi za limfu zimevimba, na kadhaa zimezungukwa na utando mwembamba wa chokaa kama ganda la yai. Alama yake ni es. Ganda la yai huonekana wakati mwingine kwenye sakoidosisi pia, ugonjwa unaoweza kuleta vitone mapafuni bila vumbi lolote. Lakini kwa mtu mwenye miaka 13 mbele ya mwamba mkavu, picha hii ilikuwa na jina moja: silikosisi, ugonjwa wa makovu ya mapafu unaoletwa na vumbi la silika.

Usomaji wangu peke yangu haukutosha. Wenzangu wawili waliisoma kila mmoja kivyake, bila kuambiwa nimeandika nini. Mmoja aliandika 2/2, mwingine 1/2. Watu wasio wa fani hii wakiona hivyo husema hatuelewani. Ukizipanga, 1/2, 2/1, 2/2 ni ngazi 3 zinazofuatana. Tofauti ya ngazi moja kati ya wasomaji wazuri ni ya kawaida. Ikizidi mbili ndipo pa kukaa mezani pamoja. Tulichukua ya katikati, 2/1.

Picha mbili zilizobaki kwenye bahasha

Moja ilipigwa wakati anaanza dawa, miezi 7 nyuma. Ubora wake ulikuwa 3, ukisomeka kwa taabu, na vivuli vilikuwa vile vile, mahali pale pale. Hili ndilo lililoihukumu rufaa. Kifua kikuu kilichosambaa kwa miezi 7, kama dawa zinafanya kazi kitapungua, na kama hazifanyi kazi kitamlaza mtu au kumuua. Hakikai kimya. Picha isiyobadilika, ambayo barua ilitafsiri kuwa dalili ya usugu, ilikuwa dalili ya kovu. Hata hivyo tuliyapima makohozi upya kwa kipimo cha vinasaba na kuyaotesha maabara, maana vivuli vya silika havimkingi mtu na kifua kikuu, vinakificha. Yote mawili yalitoka bila vimelea, na dawa kali hazikuanzishwa.

Nyingine ilikuwa filamu ya zamani, ya miaka 9 iliyopita, alipopimwa afya alipokuwa anahamia mwajiri mwingine. Ilikuwa na ripoti ya maneno mawili: mapafu safi.

Niliiangalia na moyo ukanidunda, kwani niliona vitone katika kanda za juu. Lakini nilikuwa tayari nimeshajua mwisho wa hadithi, na mtu anayejua mwisho huona mwanzo wake popote. Usomaji wangu wa filamu hiyo haukuwa na thamani. Basi nikaichanganya na filamu nyingine 11 za umri wa kufanana, majina yamefunikwa, baadhi za wafanyakazi wasiowahi kugusa vumbi, nikawapa wasomaji watatu ambao hawakumwona mgonjwa. Wawili waliipa 1/0, mmoja 0/1. Ya katikati ni 1/0.

Ngazi hizo mbili, 0/1 na 1/0, zimepakana, na mstari unaopita kati yake ndio mzito kuliko yote katika ngazi 12. Aliyeandika 0/1 na walioandika 1/0 waliona vivuli vile vile vichache na wakawa na shaka ile ile. Wameegemea pande tofauti tu. Hata hivyo chini ya mstari huo mtu anaambiwa yuko salama, na juu yake, mahali pengi, anahesabiwa kuwa ana ugonjwa wa vumbi. Simlaumu aliyesoma filamu ile kwa kutoona. Ilikuwa ngumu kweli. Ninachokilaumu ni kwamba aliisoma bila picha ya kulinganishia kando yake na bila kuuliza kazi ya mtu, akaandika "safi" pale ambapo mpangilio ungemlazimisha angalau aandike 0/1, yaani "hapana, lakini nimefikiria ndiyo". Alama hiyo moja ingetosha mtu kuitwa tena mwaka uliofuata. Badala yake alirudi kwenye mashine na kuchoronga miaka 9 mingine.

Kipo kikomo cha picha ambacho sina budi kukitaja hapa. Hata 0/0 halisi haimaanishi mapafu hayana silikosisi. Wachimbaji wa dhahabu wa Afrika Kusini wamekuwa wakipasuliwa mapafu baada ya kufa, na uchunguzi huo umeonyesha makovu ya silika kwa watu ambao picha zao za uhai hazikuonyesha kitu. Kovu lazima likue na lijirundike na mengine ndipo eksirei iligundue. Kwa hiyo picha safi ya mtu anayekula vumbi kila siku ni sababu ya kupima vumbi, si ya kulisahau.

Nilimweleza yote, filamu ya zamani ikiwemo. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akauliza kama angeacha kazi wakati ule vingekoma. Nilimjibu ukweli: huenda vingeenda polepole zaidi, ila silika iliyokwisha kuingia haitoki, na ugonjwa unaweza kuendelea hata kwa mtu aliyeondoka mgodini. Kilicho hakika ni kwamba kila mwaka wa vumbi uliongeza mzigo. Aliacha kuchoronga mwezi ule ule. Tuliandika ripoti ya ugonjwa wa kazini tukiambatanisha namba zote: ubora 2, q/q, kanda 4, wingi 2/1, hakuna kivuli kikubwa, ax, es. Pumzi yake ilipopimwa kwa mashine ilikuwa imepungua kidogo tu; ngazi ya wingi na nguvu ya pumzi haviendi sambamba siku zote, na hakuna kimoja kinachoweza kusimama badala ya kingine.

Kivuli kipya

Tulipanga aje kila miezi 6, na mapema zaidi kikohozi kikibadilika. Ziara mbili za kwanza hazikuwa na jipya. Katika ya pili wasomaji walitoa 2/2, ngazi moja juu. Aliniuliza kama ugonjwa umeendelea, nikamwambia kwamba ngazi moja ni ndani ya tofauti ya macho yetu wenyewe, na siwezi kuiita maendeleo.

Mwezi wa 14 alikuja kabla ya tarehe. Kikohozi kilikuwa na makohozi sasa, amepungua kilo 4, na usiku shuka linalowa. Kwenye picha, vitone vilikuwa vile vile, lakini juu ya pafu la kushoto palikuwa na kivuli cha sentimita 3 ambacho miezi 2 kabla hakikuwepo.

Sentimita 3 ni milimita 30. Kwa kipimo peke yake ungeandika A, kivuli kikubwa cha silikosisi, na kumwambia mgonjwa kwamba makovu yake yameungana. Daktari kijana niliyekuwa naye aliandika hivyo kwenye rasimu yake, na nilimwelewa. Nilimwomba aweke picha mbili za mwisho kando kwa kando na atazame mambo matatu. Muda: makovu ya silika huungana kwa miaka, na hiki kilitokea ndani ya wiki. Upande: makovu yanayoungana mara nyingi huja kulia na kushoto, na yetu yalikuwa yameanza kulia, kwenye lile rundo la milimita 8, ambalo halikuwa limebadilika. Ukingo: vitone vyake vyote vina mpaka mkali, kivuli hiki kilififia pembeni kama wino kwenye karatasi iliyolowa, na katikati yake palikuwa na tundu dogo jeusi lenye hewa.

Makohozi yalipelekwa asubuhi ile. Jibu lilirudi kabla ya jioni: vimelea vya kifua kikuu vipo, na dawa ya kawaida inaviua. Mtu aliyetibiwa kifua kikuu ambacho hakuwa nacho alikuwa nacho sasa. Kwenye fomu tuliacha wingi 2/2, sehemu ya vivuli vikubwa tukaandika hakuna, tukaweka alama tb na alama cv ya tundu, na maelezo kwa maneno kwamba kivuli cha juu kushoto hakihesabiwi kuwa cha vumbi.

Alitibiwa miezi 8 badala ya 6, kama wanavyofanya madaktari wengi kwa wenye silikosisi, kwa kuwa kwao ugonjwa hurudi kwa urahisi zaidi. Homa iliisha wiki ya 3. Uzito ulirudi. Siku ya picha ya mwisho alisimama mwenyewe nyuma yangu mbele ya kioo, maana alishajifunza kuzitazama. Juu kushoto palibaki mstari mwembamba wa kovu. Alinyoosha kidole kwenye vitone.

"Na hivi, daktari? Mbona dawa haikuvigusa?"

Nikamwambia hivyo si vimelea, ni mwamba. Tukaandika q/q, 2/2, ax, es, na tarehe ya kurudi baada ya miezi 6.